Barua ya kukubali ufadhili wenye bondi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga zaidi mtumishi wa Tanzania Bara aliyepata ufadhili wa masomo nje ya nchi huku mwajiri wake akimpa ruhusa ya masomo na kumtaka asaini bondi ya kurudi kutumikia. Ukiwa Kenya au Zanzibar mambo mengi ni yaleyale, ila sheria ya mikataba ni nyingine. Nimegusia inapobidi.

Nimepata barua mbili, ya mfadhili na ya mwajiri. Bondi ni ipi kati ya hizo?

Huenda zote mbili, na watu wengi hujichanganya hapa. Kuna sharti la kurudi na kuna sharti la kutumikia.

Sharti la kurudi linadai uwepo nchini kwenu kwa muda fulani, bila kujali unafanya kazi wapi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza uko hivyo: ukimaliza unatakiwa kurudi na kukaa miaka 2, na usiporudi unaweza kudaiwa gharama za ufadhili. Ukirudi ukafungua duka Morogoro au ukaajiriwa na shirika lolote, umetimiza.

Sharti la kutumikia linakufunga kwa mwajiri. Unarudi palepale ulipotoka, unafanya kazi miaka iliyoandikwa, na ukiondoka mapema unalipa. Hii ndiyo watu wanayoiita bondi wakiwa ofisini.

Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa kawaida miaka yake huenda sambamba: miaka 3 unayomtumikia mwajiri ndani ya nchi inameza ile miwili ya mfadhili. Lakini kutimiza moja hakukuondolei nyingine. Aliyekaa nchini miaka 2 na kumridhisha mfadhili bado ana mwaka mmoja kwa mwajiri.

Na lile sharti la Marekani la miaka miwili?

Hilo ni la tatu, na ni la uhamiaji. Anayekwenda kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, kwa fedha za serikali, kama wale wa ufadhili wa Fulbright, hufungwa na kifungu 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Kinasema huwezi kupata ukaazi wa kudumu wala viza za kazi za H na L mpaka uwe umekaa nchini kwenu jumla ya miaka 2. Si lazima iwe mfululizo, wanajumlisha.

Tofauti na bondi, hapa huwezi kulipa fedha ukaachiliwa. Unatimiza, au unaomba msamaha kupitia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa sababu chache zinazotambulika. Fomu ya DS-2019, ile unayopewa ili uombe viza ya J-1, na maandishi yaliyo kwenye viza yenyewe hutaja kama unahusika, ingawa maandishi hayo huwa yanakosewa. Ukitaka uhakika, wizara hiyo hutoa maoni rasmi ukiyaomba. Usiliweke suala hili kwenye barua ya kukubali ukitegemea mfadhili akuondolee sharti, kwa kuwa hana mamlaka hayo.

Kuanzia hapa ninazungumzia bondi ya mwajiri, kwa sababu ndiyo inayoleta madai.

Nikiandika "nakubali, isipokuwa ibara ya 5", nimekubali?

Hapana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 7, inataka kukubali kuwe kamili na bila masharti. Ukikubali huku unabadilisha kitu, kisheria umelikataa pendekezo lao na kuleta lako jipya. Wao sasa ndio wanaoamua kulikubali au kuliacha. Kenya hufikia hapohapo kwa njia ya kanuni za sheria za Kiingereza.

Matokeo yake si ya darasani tu. Nafasi yenye orodha ya wanaosubiri inaweza kupewa anayefuata, na hutakuwa na la kudai. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kushika kalamu ni kujiuliza: ninauliza au ninabadilisha? "Naomba kufahamu miezi inaanza kuhesabiwa lini" ni swali, na unaweza kuliweka kwenye barua ileile ya kukubali. "Nakubali ikiwa miezi itaanza kuhesabiwa siku nitakayoripoti" ni sharti, na neno "ikiwa" ndilo linalokutoa kwenye kukubali.

Kama unachotaka ni mabadiliko, yaombe kabla ya kukubali, kwa barua yake peke yake, ukiwa bado ndani ya muda uliopewa. Kama unachotaka ni ufafanuzi, kubali kwanza katika aya yake, kisha uliza katika aya nyingine.

Mbona maswali yenyewe ni madogo? Si bora nisaini nikimbilie tiketi?

Nitakupa hesabu moja, uamue mwenyewe.

Tuseme mhadhiri msaidizi wa chuo cha umma amepata ufadhili wa shahada ya uzamili nchini Uingereza, miezi 12. Mfadhili wa nje analipa ada, nauli na posho, jumla inakaribia shilingi milioni 60. Chuo chake kinaendelea kumlipa mshahara wa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka mzima. Bondi ni ya miezi 36, na ibara ya 5 inasema: "Mtumishi akiacha kazi kabla ya kumaliza muda wa kutumikia, atarejesha gharama zote za mafunzo." Basi, sentensi moja.

Anarudi, anafanya kazi miezi 24, anapata kazi kwingine. Anadaiwa kiasi gani?

Mwajiri akisoma "gharama zote" kuwa ni kila kitu alicholipa yeyote, na bila kupunguza kwa miezi iliyotumika, ni milioni 74.4. Akisoma vilevile lakini akapunguza kwa uwiano, imebaki miezi 12 kati ya 36, theluthi moja, basi ni milioni 24.8. Akihesabu fedha zilizotoka mfukoni mwa chuo pekee bila kupunguza, ni milioni 14.4. Akihesabu za chuo pekee na akapunguza kwa uwiano, ni milioni 4.8.

Sentensi ni ileile. Kati ya tafsiri ya juu na ya chini kuna pengo la karibu milioni 70, na pengo hilo linazibwa kwa maswali mawili: gharama za nani, na zinapungua kadiri ninavyotumikia?

Lipo la tatu, dogo kidogo. Tuseme aliripoti kazini tarehe 1 Oktoba, lakini bondi inahesabu tangu siku alipowasilisha cheti, na cheti kilitoka baada ya mahafali, akakipeleka tarehe 1 Februari. Miezi 4 aliyofundisha haihesabiki. Ile 24 inakuwa 20, iliyobaki ni 16, na hata kwa tafsiri nafuu kuliko zote ile milioni 4.8 inapanda kuwa 6.4. Kwa shahada ya uzamivu ambayo cheti kinaweza kukawia mwaka mzima, jambo hili huuma zaidi.

Mwajiri anaweza kweli kudai ada ambayo hakuilipa yeye?

Kuandika anaweza, na bondi nyingi zimenakiliwa kutoka enzi mwajiri mwenyewe alipokuwa anasomesha, kwa hiyo maneno yamebaki ya kumeza kila kitu. Kupewa ni suala jingine. Vifungu vya 73 na 74 vya Sura ya 345 vimejengwa juu ya fidia ya hasara. Hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, kifungu cha 74 kinampa aliyevunjiwa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Yaani tarakimu iliyo kwenye bondi ni dari. Chuo ambacho hakikulipa ada kitapata taabu kueleza kilipoteza nini kwenye ada hiyo.

Hata hivyo usijengee nyumba hapo. Bondi zinazotolewa kwa Serikali kwa mujibu wa sheria, kwa ajili ya kazi ya umma, zinaweza kutazamwa tofauti, na kesi yenyewe inakula muda na fedha za wakili. Ni nafuu mara mia kulimaliza kwa barua kabla ya kusaini.

Barua yenyewe inakaaje?

Kwa mwajiri wa hapa nyumbani, mpangilio ni ule wa kiserikali unaoujua. Inapitia kwa mkuu wako wa kazi, ina kumbukumbu namba ya barua unayojibu, na ina kichwa kinachosema mambo mawili waziwazi. Mfano wa yule mhadhiri msaidizi:

> Makamu Mkuu wa Chuo,
> u.f.s. Mkuu wa Idara.
>
> YAH: KUKUBALI RUHUSA YA MASOMO NA KUOMBA UFAFANUZI WA IBARA YA 4 NA YA 5 ZA RASIMU YA BONDI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Nimepokea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe …, na ninakubali ruhusa ya masomo ya miezi 12 kama ilivyotolewa humo.
>
> 3. Nimesoma pia rasimu ya bondi iliyoambatanishwa. Ninathibitisha kuwa nitarudi na kukitumikia chuo kwa miezi 36 baada ya masomo.
>
> 4. Kabla ya kusaini bondi hiyo tarehe 15 Agosti, naomba ufafanuzi wa maandishi katika mambo mawili. Kwanza, ibara ya 4 haijataja siku ambayo miezi 36 inaanza kuhesabiwa. Ninavyoielewa, ni siku nitakayoripoti kazini. Pili, ibara ya 5 inataja "gharama zote za mafunzo". Ninavyoielewa, ni mishahara itakayolipwa na chuo nikiwa masomoni, ikipunguzwa kwa uwiano wa miezi nitakayokuwa nimetumikia.
>
> 5. Kama uelewa huu ni sahihi, naomba maneno hayo yaingizwe kwenye bondi. Kama si sahihi, naomba nielekezwe tafsiri ya chuo.
>
> Nawasilisha.

Aya ya 2 haina "lakini" wala "ikiwa". Aya ya 3 inaondoa lile ambalo mwajiri analiogopa zaidi, kwamba hutarudi. Aya ya 4 haisemi "nakataa", inasema "ninavyoielewa", na inatoa jibu lililo tayari ambalo afisa anaweza kulikubali kwa kuandika sentensi mbili. Maafisa utumishi wana mafaili mengi mezani. Swali lililo wazi kama "naomba mnieleze maana ya ibara ya 5" huzungushwa kwa wanasheria likalala huko, ilhali swali lenye jibu ndani yake hurudi mapema.

Mfadhili wa nje utamwandikia kwa Kiingereza, na mara nyingi kukubali ni kubonyeza kitufe kwenye akaunti yao. Bonyeza ukishapata majibu ya barua pepe, ukiweza. Barua pepe si kitu cha kudharauliwa: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia hiyo.

Niongeze sentensi "nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitachukulia mmekubali"?

Usiiongeze. Ukimya wa mtu hauzai mkataba kwa sababu tu wewe umesema hivyo, na barua yako inageuka ya ubabe bila faida. Wasipojibu, peleka ukumbusho, na nakala zako zigongwe muhuri wa masijala kuwa zimepokelewa. Muhuri huo na tarehe yake ndivyo vitakavyoonyesha baadaye kuwa uliuliza kabla ya kusaini, na kwamba tafsiri yako walikuwa nayo mezani.

Afisa ameniambia, "Dada, hiyo ni fomu tu, hatujawahi kumdai mtu. Saini uwahi ndege." Nimwamini?

Inawezekana anasema kweli, na pengine kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba Sheria ya Ushahidi, kwa kawaida, hairuhusu maneno ya mdomo kutumika kupinga au kubadilisha yaliyoandikwa kwenye mkataba. Miaka mitatu baadaye afisa huyo amehamia halmashauri nyingine, na aliyepo anasoma karatasi.

Njia ya adabu ni kuyageuza maneno yake kuwa maandishi siku hiyohiyo: "Ndugu Afisa, nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo asubuhi. Nilivyokuelewa, ibara ya 5 hupunguzwa kwa uwiano. Naomba unithibitishie kwa kujibu ujumbe huu." Akijibu "sawa", umepata kitu. Akijibu kwamba hilo ni la Kitengo cha Sheria, nalo ni jibu, maana sasa unajua wa kumwandikia.

Bondi inataka wadhamini wawili. Je, wao wanahusika na maswali haya?

Wanahusika kuliko wanavyodhani. Chini ya Sura ya 345 dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba useme vingine. Mwajiri halazimiki kukumaliza wewe kwanza ndipo amfuate shangazi yako. Ukiwa Manchester na hupokei simu, anayefikika ni yeye.

Kwa hiyo uliza kama udhamini una kikomo cha kiasi, na kama mdhamini ataarifiwa pale masomo yakiongezwa muda. Na umwonyeshe mdhamini ile hesabu ya juu, siyo ukurasa wa saini peke yake. Nimeona watu wazima wakisaini udhamini wakidhani wanathibitisha tabia njema ya kijana.

Nikifeli, nikiugua au chuo cha nje kikichelewesha masomo?

Bondi fupi huwa hazisemi kitu hapa, na ukimya huo hukuangukia wewe. La kuulizia zaidi ni kuongezewa muda, kwa sababu ndilo hutokea mara nyingi: je, mwezi wa nyongeza unaongeza muda wa kutumikia, na mshahara unaendelea? Ukiomba nyongeza ukiwa huko, omba kwa maandishi kabla ruhusa haijaisha. Aliyepitisha tarehe bila barua huonekana mtoro kazini, na hapo bondi inakuwa tatizo dogo kuliko nidhamu.

Ugonjwa na kifo viwe na mstari wao unaoondoa deni. Ukiomba mstari huo si rahisi kunyimwa, maana hakuna mwajiri anayependa kuonekana anadai wafiwa.

Nikihamishwa kwenda taasisi nyingine ya umma, nimevunja bondi?

Inategemea bondi imemtaja nani. Ikisema "Serikali" au "utumishi wa umma", kuhamishwa hakukuvunjii. Ikitaja chuo au shirika kwa jina, uhamisho ulioomba mwenyewe unaweza kuhesabika kuwa umeondoka. Ukihamishwa bila kuomba ni hoja tofauti, kwa sababu mwajiri mwenyewe ndiye aliyekuondoa. Ukiwa na wazo la kuhama, hata la mbali, ulizia neno hili mapema. Vilevile uliza itakuwaje ukirudi ukakuta nafasi yako haipo: je, muda unahesabika ukiwa tayari kufanya kazi, au unasubiri mpaka wapate pa kukuweka?

Wanaweza kukata mshahara wangu wa mwisho au kiinua mgongo?

Kwa waajiri walio chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28 kinakataza makato yasiyo na msingi katika sheria, makubaliano ya pamoja au amri ya chombo cha haki, ila kinaruhusu makato ya deni ulilolikubali kwa maandishi. Bondi zingine huficha kibali hicho katikati ya ibara ndefu: "na mtumishi anaridhia kukatwa kutoka malipo yoyote anayostahili". Ukiliona hilo, elewa kwamba ukisaini umeshatoa ruhusa. Unaweza kuomba kikomo, kwa mfano sehemu fulani ya mshahara kila mwezi, na kuomba upewe hesabu ya maandishi kabla ya makato kuanza.

Deni limeandikwa kwa paundi, na kuna riba. Ni kawaida?

Hutokea. Deni la fedha za kigeni linakuwekea hatari ya shilingi kushuka thamani miaka yote ya bondi. Omba kiwango cha kubadilisha fedha kiwe cha siku gharama ilipolipwa. Kuhusu riba, angalia kama inazaa riba juu ya riba. Milioni 14.4 kwa asilimia 10 ya namna hiyo, baada ya miaka 3, ni takriban milioni 19.2. Kwa riba ya kawaida ingekuwa milioni 18.7. Tofauti si kubwa kwa miaka mitatu, lakini kwa bondi ndefu ya uzamivu inanenepa.

Nimeshasaini zamani. Bado naweza kuandika?

Unaweza, ila sasa unaomba hisani, na mabadiliko yoyote yanahitaji pande zote mbili kusaini. Barua inayofaa kwa wakati huu ni ile ya siku unayorudi: "Nimeripoti kazini leo tarehe … baada ya kumaliza masomo. Ninaelewa kuwa muda wangu wa kutumikia unaanza leo na utakwisha tarehe …" Ipeleke masijala, igongwe muhuri, utunze nakala. Muda ukiisha, omba barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza bondi, na kwamba wadhamini wako wameachiliwa. Iombe ukiwa bado kazini, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.